Risala ya Wazazi kwa Mkandarasi wa Bweni: Tunataka Barua ya Radhi Yenye Tarehe

Ndugu Mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi, Ndugu Msimamizi wa saiti, Mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya shule, Mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Sisi wazazi na walezi wa shule hii ya sekondari, tuliochanga kwa miaka mitatu ili mabinti zetu wapate bweni, tumekutana hapa saiti leo tarehe 18 Oktoba kutoa malalamiko yetu na madai yetu. Tunayatoa mbele yako, Ndugu Mkurugenzi, kwa heshima, kwa sababu wewe ndiye uliyetia saini mkataba na wewe ndiye uliyetuandikia barua ya kuomba radhi ya tarehe 14 Oktoba. Barua hiyo ndiyo iliyotuleta hapa.

Mkataba wetu uliigawa kazi katika hatua tano, na kila hatua ina tarehe na malipo yake: msingi na jamvi, kuta hadi lenta, kupaua, lipu, milango na madirisha, kisha umaliziaji na makabidhiano tarehe 15 Desemba. Hatua mbili za mwanzo bodi ilikwisha kukulipa, ingawa ya pili ililipwa kwa ahadi kwamba zege la lenta lingemwagwa wiki ileile. Hatua ya tatu, kupaua, ilikuwa ikamilike tarehe 30 Septemba. Tarehe hiyo haikupangwa kwa kubahatisha. Hapa mkoani Tanga mvua za vuli huanza Oktoba, na nyumba ikishaezekwa kabla yake, mafundi wanapiga lipu ndani huku mvua ikinyesha nje. Isipoezekwa, vuli yote inakuwa mikononi mwa mawingu.

Tarehe 30 Septemba tulifika hapa. Tulikuta kuta zimeishia juu ya madirisha, nondo za nguzo zimesimama zinashika kutu, na hakuna hata ubao mmoja wa kufungia zege la lenta. Bati hazipo. Mbao za kenchi hazipo. Mafundi walikuwa wawili. Msimamizi alituambia tusubiri barua kutoka ofisini, na barua ikatufikia baada ya wiki mbili.

Lalamiko letu la kwanza si kwamba umechelewa. Kazi ya ujenzi huchelewa, na miongoni mwetu wamo mafundi wanaolijua hilo kuliko sisi wengine. Lalamiko letu ni kwamba ulijua mapema na hukutuambia. Daftari la saiti, ambalo mkataba unaturuhusu kulisoma, linaonyesha kwamba kuanzia tarehe 19 Agosti mafundi wa kuta walipungua kutoka tisa hadi wawili, na wakabaki wawili hadi tarehe 9 Septemba. Mtu yeyote anayeijua kazi hii angeona siku ileile ya 19 Agosti kwamba kupaua tarehe 30 Septemba kumeshakuwa hatarini, kwa sababu kutoka kuta kufika lenta, kutoka lenta kufika kenchi, kila kazi inaingoja iliyo mbele yake. Tungeambiwa wakati ule, tulikuwa na wiki sita za kufanya jambo. Tungeweza kutafuta mbao za kenchi sisi wenyewe, au kukuomba uazime mafundi wa lenta mahali pengine. Barua ya radhi inayofika baada ya tarehe kupita haimwachii mteja nafasi ya kufanya lolote.

Lalamiko la pili ni sababu ulizotoa. Barua inasema kazi ilikwama "kutokana na hali ya hewa na changamoto mbalimbali zilizo nje ya uwezo wetu". Tumefungua daftari tena. Kati ya tarehe 19 Agosti na 30 Septemba, siku ambazo msimamizi wako mwenyewe aliandika kwamba mvua ilisimamisha kazi ni mbili. Siku mbili tunazikubali, na tuko tayari ziongezwe kwenye muda wako bila ubishi. Lakini wiki tatu za mafundi wawili haziwezi kufichwa nyuma ya siku mbili za mvua. Mafundi walioondoka wametueleza kwamba walihamishiwa jengo lako jingine, na wengine kwamba walikuwa hawajalipwa. Hatujui lipi lina uzito zaidi, ndiyo maana tunataka wewe utuambie. Na swali hilo si la udadisi. Kama mafundi waliondoka kwa sababu ya mishahara, basi ratiba yoyote mpya utakayoandika bila kuonyesha watalipwa lini na kwa fedha gani itaanguka kama ile ya kwanza. Kama walihamishwa, tunataka kujua nani ana mamlaka ya kuwahamisha tena. Tiba hutegemea ugonjwa, na barua yako haikuutaja ugonjwa.

Lalamiko la tatu linahusu fedha. Katika aya ya mwisho ya barua ileile ya kuomba radhi, umeiomba bodi ilipe malipo ya hatua ya tatu mapema "ili kuongeza kasi". Ndugu Mkurugenzi, tunaelewa kwamba mkandarasi bila fedha mkononi hawezi kununua bati. Lakini hatua ya tatu hulipwa paa likiwa juu, na paa haliko juu. Tukiilipa leo tutakuwa tumepoteza kitu pekee kinachotupa nguvu ya kukudai. Zaidi ya hapo, ombi la fedha likikaa ndani ya barua ya radhi, msomaji hubaki akijiuliza kama radhi iliombwa kwa ajili ya kosa au kwa ajili ya fedha. Mambo hayo mawili yaandikwe mbalimbali. Tutasema hapa chini namna tunavyokubali kusaidia upande wa vifaa.

Lalamiko la nne ndilo kubwa, na tunaomba turuhusiwe kulieleza kwa kirefu. Barua inasema paa litakamilika "hivi karibuni". Tulipompigia msimamizi simu, alitupa tarehe ya mdomo: 5 Novemba. Tumeipima tarehe hiyo pamoja na mafundi wazazi, na haisimami.

Tuchukue kwamba nondo zinafungwa na mbao za kufungia zege zinasimama kwa kasi ambayo hatujaiona hapa tangu Julai, na lenta inamwagwa tarehe 23 Oktoba. Zege hilo linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku saba kamili, asubuhi na jioni, likiwa limefunikwa kwa magunia, na siku hizo zinaishia tarehe 30. Kwa umri wa siku saba zege lililotunzwa vizuri huwa limefikisha karibu theluthi mbili tu ya nguvu linayotarajiwa kuwa nayo siku ya ishirini na nane. Kutoka hapo hadi tarehe 5 Novemba zinabaki siku sita za kujenga kozi za juu na kuta za pembetatu za ncha mbili, kupandisha kenchi 26, kupigilia papi na kuezeka bati kwenye jengo la urefu wa mita 30. Hata ukileta mafundi ishirini, hawatapata pa kusimama, kwa sababu kenchi hazipandi juu ya ukuta ambao udongo wake bado mbichi.

Tunalisema hili kwa sababu tarehe isiyowezekana haibaki kuwa maneno tu; inakuja kuonekana kwenye jengo. Fundi aliyeambiwa amalize tarehe 5 Novemba atatafuta siku zake mahali. Ataongeza maji kwenye zege ili limwagike upesi, na zege lililozidi maji hupoteza nguvu na kubaki na matundu. Ataacha kumwagilia siku ya tatu. Ataondoa mirunda chini ya lenta ya mlango mpana kabla ya siku kumi na nne, na baada ya miezi michache ufa utajitokeza katikati ya lenta, chini, pale ambapo nondo hubeba mzigo. Atanunua mbao mbichi kwa sababu kavu hazipatikani haraka, na mbao zile zikikauka juu ya paa zitajipinda na kulegeza misumari ya bati. Ndani ya jengo hili watalala mabinti 80. Kwa hiyo tunataka tarehe ya mbali ambayo ni ya kweli, kuliko ya karibu itakayolipwa na lenta iliyopasuka.

Na tayari tumeona dalili. Tarehe 12 Oktoba tulikuta kwenye stoo ya saiti mifuko kumi na moja ya saruji chini ya turubai lililotoboka. Maji yalikuwa yameingia kwa juu, na mifuko ya safu ya chini ilikuwa imekaa moja kwa moja juu ya udongo bila mbao. Tulipobonyeza pembe zake zilikuwa zimeganda ngumu. Mfuko mmoja ulipofunguliwa, mabonge yake hayakuvunjika kwa vidole. Saruji ya namna hiyo imekwisha kuanza kuungana na maji na haifai kwa lenta. Tunaomba mifuko hiyo itolewe saiti, na isihesabiwe katika vifaa unavyosema "vipo".

Ndugu Mkurugenzi, sasa tunakuja kwenye madai yetu.

Tunadai barua mpya ya kuomba radhi, yenye saini yako mwenyewe. Tungependa iwe fupi, na tungependa ianze na kilichotokea bila kukizungusha. Ili tusilaumiane baadaye kwamba hatukusema tunataka nini, tunaandika hapa mfano wa aya ya kwanza tutakayoipokea kwa moyo mweupe: "Tulikubaliana kwamba paa likamilike tarehe 30 Septemba. Halikukamilika. Siku hiyo kuta zilikuwa zimeishia juu ya madirisha. Sababu kuu ni kwamba kati ya tarehe 19 Agosti na 9 Septemba tuliwaondoa mafundi saba, na uamuzi huo ulikuwa wetu. Mvua ilitupotezea siku mbili. Tulijua mwezi Agosti kwamba tutachelewa na tulipaswa kuwajulisha wakati huo. Kwa kuchelewa na kwa kunyamaza, tunawaomba radhi." Kama sababu ya kweli ni nyingine, iandikwe hiyo. Lakini iandikwe kwa namna hiyo: nani alifanya nini, tarehe gani, na siku ngapi zilipotea kwa kila sababu.

Baada ya aya hiyo barua ieleze hasara yetu kama unavyoifahamu. Mabinti wa kidato cha kwanza wataripoti Januari. Wengine wanatoka vijiji ambavyo hakuna atakayetembea kutoka huko asubuhi akafika darasani kwa wakati. Bweni lisipokuwa tayari, watapanga vyumba mitaani bila mwangalizi, na hilo ndilo jambo lililotufanya tuchange tangu mwanzo. Barua yako ya kwanza ilitaja "usumbufu uliojitokeza". Tunaomba barua ya pili ionyeshe kwamba umeelewa usumbufu huo ni upi, maana mtu asiyejua ameharibu nini hawezi kupanga namna ya kukirekebisha kwanza kilicho cha haraka.

Kisha tunadai mpango wa kufidia muda. Mafundi walio miongoni mwetu wamekaa na Mkuu wa shule wakahesabu siku moja moja, na hesabu yao tunakukabidhi leo ili uipinge au uikubali kwa maandishi. Kufunga mbao na nondo za lenta kuanzia tarehe 20 hadi 26 Oktoba. Tarehe 27 mhandisi wa bodi akague nondo kabla hazijafunikwa, kwa sababu zege likishamwagwa hakuna atakayeziona tena. Tarehe 28 kumwaga lenta yote kwa siku moja, mchanganyo wa moja kwa mbili kwa nne, na vipande vya majaribio vya sentimita 15 vitengwe kwa ajili ya kupimwa maabara siku ya saba na ya ishirini na nane. Kumwagilia hadi tarehe 4 Novemba. Kozi za juu na pembetatu zijengwe tarehe 5 hadi 8 Novemba, mirunda ikiwa bado imeshikilia chini ya milango na madirisha, na isiguswe kabla ya tarehe 11.

Hapa ndipo muda unapoweza kuokolewa kwa halali. Kenchi hazina sababu ya kungoja lenta ikauke. Zinaweza kupimwa, kukatwa na kupigiliwa chini, pale uwanjani, kuanzia tarehe 27 Oktoba hadi 8 Novemba, kwa mbao kavu zilizopakwa dawa. Mafundi seremala wafanye kazi yao wakati mafundi zege wakifanya yao. Kenchi zipandishwe tarehe 10 hadi 15 Novemba, papi na bati tarehe 17 hadi 22. Tumeongeza siku nne kwa ajili ya mvua, kwa sababu ratiba ya vuli isiyo na siku ya mvua ndani yake ni ya kujidanganya. Paa, kwa hesabu yetu, ni tarehe 26 Novemba. Ni siku 57 baada ya ile ya mkataba. Inatuuma, lakini tunaweza kuiamini.

Kutoka hapo makabidhiano ya tarehe 15 Desemba hayawezekani, na tunaomba barua yako iseme hivyo waziwazi badala ya kuacha tarehe ile ikining'inia kwenye mkataba. Lipu ya ndani inahitaji kukauka kabla ya kupakwa rangi. Ikipakwa ikiwa na unyevu, rangi hututumka malengelenge na kubanduka kabla ya mwaka. Kwa hiyo tunapendekeza makabidhiano kwa sehemu mbili. Nusu ya kaskazini, yenye nafasi ya vitanda 40, pamoja na bafu, vyoo na mabomba ya umeme yaliyofukiwa kabla ya lipu, ikabidhiwe tarehe 10 Januari, kuta zikiwa na lipu bila rangi. Nusu ya kusini na kazi zote za nje, ikiwa ni pamoja na mifereji ya maji ya mvua, tarehe 28 Februari, kabla ya masika. Rangi ya nusu ya kwanza ipakwe mabinti wakiwa likizo. Sharti letu ni moja: kati ya nusu hizo mbili ujengwe ukuta wa muda wa mbao hadi darini, na mlango wa mafundi uwe upande wa kusini tu. Hatutakubali mabinti walale katika jengo ambalo mafundi wanapita ndani yake.

Tunadai pia tarehe moja ambayo wakandarasi wengi hawapendi kuiandika, nayo ni tarehe ya kutuambia kwamba imeshindikana. Ipo nyumba karibu na shule ambayo mwenye nyumba yuko tayari kutupangisha kwa muhula mmoja, na anangoja jibu hadi tarehe 30 Novemba. Kama tarehe 26 Novemba bati hazijaenea paa zima, sisi tarehe 27 tunalipia nyumba hiyo, na gharama zake zitakatwa kwenye malipo yako. Tunataka ukubali hilo kwa maandishi sasa, wakati sote tuna utulivu. Na ukiona kabla ya hapo, tuseme tarehe 5 Novemba, kwamba mbao hazijafika, tuambie siku hiyohiyo. Hatutakulaumu kwa kusema mapema.

Kuhusu vifaa, bodi imekubali jambo hili. Haitalipa hatua ya tatu kabla ya paa. Lakini iko tayari kumlipa muuza mbao na muuza bati moja kwa moja, kwa hati ya madai iliyoandikwa jina la shule, baada ya mzigo kushushwa hapa na kuhesabiwa na watu watatu: msimamizi wako, Mkuu wa shule na mjumbe mmoja wa Kamati yetu ya Ujenzi. Bati ziwe za geji 28 kama mkataba unavyosema, na zipimwe hapa hapa, kwa sababu bati nyembamba huwezi kuitambua kwa macho ikiwa imeshapigiliwa. Fedha hiyo itaondolewa kwenye hatua ya tatu itakapoiva. Kwa njia hii wewe unapata vifaa bila kukopa, na sisi hatubebi hatari ya kulipia kisichoonekana. Upande wa mishahara ya mafundi ni wako, na tunataka barua ionyeshe tarehe utakazowalipa.

Kila Jumamosi, kuanzia tarehe 25 Oktoba, tunaomba ukurasa mmoja wa taarifa ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na upigwe picha ukatumwa kwenye kundi la wazazi. Uwe na mambo matatu tu: wiki hii tulipanga nini, tumefanya nini, na kilichobaki kinaisogeza tarehe ya 26 Novemba au hakiisogezi. Idadi ya mafundi waliokuwepo kila siku iandikwe pia, kwani kutoijua ndiko kulikotuficha ukweli mwezi Agosti.

Lipo jambo la kisheria ambalo hatuna budi kulisema, na tunalisema bila hasira. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, katika kifungu cha 55, inahusu mkataba ambao muda ni sharti lake la msingi. Mwenye haki akikubali kazi ifanywe wakati mwingine tofauti na ule waliokubaliana, hawezi kudai fidia ya kuchelewa, isipokuwa wakati wa kukubali ametoa taarifa kwamba anakusudia kudai. Wazazi wengi hawakulijua hili hadi juzi tulipoelezwa. Kwa hiyo tunatoa taarifa leo, mbele ya wote waliopo na kwa maandishi: kuzikubali tarehe mpya hakuna maana kwamba tumeifuta haki yetu ya fidia kwa kuchelewa kwa tarehe 30 Septemba. Bodi imetuahidi kwamba kama paa litakuwa tayari tarehe 26 Novemba na nusu ya kaskazini tarehe 10 Januari, itakaa nawe kuzungumza kwa wema juu ya fidia hiyo. Kama tarehe hizo zitavunjwa tena, itadaiwa yote kwa mujibu wa mkataba.

Hatujaja kukufukuza, Ndugu Mkurugenzi. Msingi uliojenga ni mzuri. Mhandisi wa bodi aliukagua na hakupata kasoro. Kuta zimenyooka. Kumleta mkandarasi mwingine katikati ya vuli kungetupotezea muda zaidi, na asingekubali kuibeba dhamana ya kazi ambayo hakuianza. Tunataka umalize wewe. Lakini hatuwezi kuwaeleza wazazi ambao hawakuweza kufika leo, na ambao bado wanadaiwa mchango wa mwisho, kwamba fedha zao zinangoja "hivi karibuni". Mzazi anatuuliza mwanawe apeleke godoro lini na wapi, na sisi tunahitaji tarehe ya kumpa.

Barua hiyo, pamoja na ratiba yako iliyotiwa saini, au hesabu yako mbadala endapo yetu huikubali, tunaomba iwe mezani kwa Mkuu wa shule tarehe 23 Oktoba kabla ya saa nne asubuhi. Kazi ya kufunga lenta isingoje barua; ianze tarehe 20 kama tulivyohesabu. Bodi itakutana tarehe 23 hiyohiyo mchana, na yatakayoamuliwa yatategemea barua itakayokuwa mezani.

Tunawasilisha kwa heshima,

Kamati ya Ujenzi, kwa niaba ya wazazi na walezi.